Kabla ya Kuandika Barua ya Kuacha Kazi: Namba Tatu za Kuhesabu Kwanza

Wazo la kuacha kazi ya mshahara mara nyingi huja baada ya mwezi mmoja mzuri. Kazi za jioni na wikendi zimeingiza pesa kuliko mshahara, simu inalia ujumbe wa malipo, na wewe unajiuliza: kwa nini bado naamka saa kumi na moja kupanga foleni ya matatu?

Ni swali halali. Lakini mwezi mmoja mzuri haukuambii kama unaweza kuishi kwa kazi za mikataba. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Katika somo hili tutahesabu namba tatu ambazo zinakuambia kama msala wako unapita tu au umekuja kukaa: gharama yako kamili bila mwajiri, akiba unayohitaji, na mapato ambayo kazi za pembeni zinapaswa kuwa zimefikia kabla hujatoka.

Tutatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Ni mbunifu wa grafiki anayeishi Nakuru. Ameajiriwa kwenye kampuni ya uchapishaji kwa mshahara wa KSh 65,000 kabla ya makato. Jioni na wikendi huwatengenezea wateja wake nembo, mabango na vipeperushi. Si mtu halisi, ni mfano wa hesabu. Weka namba zako mahali pa zake.

Namba ya kwanza: gharama yako kamili bila mwajiri

Wengi hulinganisha mapato ya kazi za pembeni na pesa inayoingia benki mwisho wa mwezi. Hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa sababu hati ya mshahara hufanya kazi nyingi kimyakimya.

Angalia ya mbunifu wetu. Kwa viwango vya 2025, kutoka kwa KSh 65,000 hukatwa NSSF asilimia 6, yaani KSh 3,900. Bima ya afya ya SHA hukata asilimia 2.75, karibu KSh 1,790. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani KSh 975. Kisha kodi ya PAYE, karibu KSh 9,880. Anabaki na takriban KSh 48,450. Baada ya hapo sacco hukata KSh 10,500 moja kwa moja, akiba na mkopo pamoja. Kwa hivyo pesa anayoiona ni kama KSh 37,950.

Sasa, mwajiri pia huweka kitu ambacho hakionekani kwenye pesa hiyo. NSSF yake huongezewa KSh 3,900 nyingine na mwajiri. Laptopu anayoitumia, programu za usanifu, umeme na intaneti ya ofisini ni vya kampuni. Akiugua wiki moja, mshahara hauna shida. Siku atakayotoka, yote hayo yanahamia mfukoni mwake.

Kujua gharama halisi, usikisie. Pakua taarifa ya miamala yako ya miezi sita kwenye simu, na ile ya benki kama unatumia zote mbili. Chukua kalamu, au fungua jedwali kwenye kompyuta, ugawe pesa iliyotoka katika mafungu machache: nyumba, chakula, usafiri, wazazi na familia, tokeni na maji, na mengineyo. Jumlisha, gawanya kwa sita. Fungu la "mengineyo" ndilo litakalokushangaza, kwa hiyo usilifute. Michango ya harusi, matanga na harambee haikomi kwa sababu umeacha kazi.

Mbunifu wetu amepata wastani wa KSh 36,000 kwa mwezi. Anatoa nauli ya kwenda kazini, KSh 3,000, anabaki na 33,000. Kisha anaongeza vitu ambavyo mwajiri alikuwa akibeba: KSh 6,000 za intaneti, programu, umeme, ada za miamala na nauli ya kwenda kwa wateja, KSh 6,000 za bima ya afya na akiba ya uzeeni, na KSh 2,000 za kuweka kando kwa ajili ya kubadilisha kompyuta siku itakapozeeka. Jumla ni KSh 47,000 kwa mwezi.

Hiyo bado ni kabla ya kodi. Mtu aliyejiajiri hujaza ritani yake mwenyewe na KRA, na mwisho ni Juni 30 ya mwaka unaofuata. Kodi yako ya mwaka ikifika KSh 40,000, unatakiwa kuilipa kwa awamu nne ndani ya mwaka wenyewe, si kungoja mwisho. Pia, kampuni ikikulipa ada ya huduma ya KSh 24,000 au zaidi kwa mwezi, kwa kawaida hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa jina lako. Pesa hiyo haijapotea. Utaihesabu kama kodi uliyokwisha kulipa, mradi cheti cha makato kiko kwenye akaunti yako ya iTax. Lakini kwenye simu utaona pesa pungufu, na lazima uwe umejiandaa.

Kwa kiwango cha mapato cha mbunifu wetu, kutenga asilimia 15 ya kila malipo kunatosha kodi na tozo ya nyumba na kubakisha kidogo cha tahadhari. Kwa hiyo, ili abaki na KSh 47,000, anagawanya 47,000 kwa 0.85. Jibu ni kama KSh 55,300. Hii ndiyo pesa ambayo wateja wanapaswa kumlipa kila mwezi ili aishi kama anavyoishi leo. Unaona tofauti? Aliyekuwa akiwaza kwamba "nikipata elfu thelathini na nane nimefidia mshahara" alikosea kwa zaidi ya KSh 17,000 kila mwezi.

Andika pia namba ndogo ya pili, gharama ya kukaza mkanda. Huu ni mwezi ambao kazi ni chache: unalipa nyumba, unakula, unamtumia mzazi, vifaa vya kazi vinaendelea, lakini unasimamisha mengine yote. Kwa mbunifu wetu ni KSh 36,000, na ndani yake KSh 2,000 ni za dharura. Tutaihitaji namba hii sasa hivi.

Namba ya pili: akiba, na kwa nini miezi sita

Umesikia ushauri wa kuweka akiba ya miezi mitatu au sita. Tatizo ni kwamba hakuna anayekuambia miezi hiyo imetoka wapi. Kwa mtu wa mikataba, inaweza kuhesabiwa.

Jiulize: mteja wangu mkubwa akiniacha leo, itachukua muda gani mpaka pesa ya mteja mpya iingie kwenye simu? Kuna hatua tatu. Kwanza ni kumtafuta mteja: kutuma mifano ya kazi, kukutana, kukubaliana bei. Mbunifu wetu akiangalia wateja wake waliopita, anaona imemchukua kama miezi miwili kumpata mmoja wa maana. Pili ni kufanya kazi yenyewe, pamoja na marekebisho: mwezi mmoja. Tatu ni kungoja malipo. Hapa anapitia ankara zake na kuandika tarehe mbili kwa kila moja, tarehe aliyoituma na tarehe pesa ilipoingia. Wastani wake ni siku 45, yaani mwezi mmoja na nusu.

Jumla ni miezi minne na nusu. Anaizungusha kuwa mitano na kuongeza mmoja wa ugonjwa au kompyuta kuharibika. Ndiyo miezi sita. Wewe unayefanya kazi ambayo wateja hulipa siku hiyohiyo, kama kusuka nywele nyumbani kwa wateja au kurekebisha simu, unaweza kutosheka na mitatu. Anayetegemea mashirika na ofisi za serikali za kaunti, ambako ankara huweza kukaa mezani kwa muda mrefu, sita haitoshi.

Akiba ya miezi sita huhesabiwa kwa gharama ya kukaza mkanda, si kwa gharama kamili, kwa sababu mwezi wa njaa hutaishi kama mwezi wa neema. Sita mara 36,000 ni KSh 216,000.

Kisha kuna gharama za kutoka, zile za mara moja. Laptopu ya kampuni inarudi kwa kampuni, kwa hiyo anahitaji yake: ametenga KSh 60,000 kwa iliyotumika lakini nzuri. Bima ya SHA kwa asiye na mwajiri hulipwa kwa mwaka mzima mbele, kulingana na tathmini ya mapato ya kaya. Yeye anakadiria KSh 20,000. Jumla kuu ni KSh 296,000. Anaiita laki tatu ili asisahau.

Pesa hiyo ikae wapi? Hapa wengi wenye akiba nzuri hujikuta hawana kitu. Akiba yako ya sacco, ile inayokupa haki ya kukopa mara tatu, haitolewi kama pesa ya kawaida. Kwa kawaida unaipata ukijiondoa uanachama, na sacco nyingi hutaka notisi ya siku 60. Kama umemdhamini mwenzako na mkopo wake haujaisha, akiba hiyo imefungwa mpaka amalize au apate mdhamini mwingine. Kwa hiyo usiihesabu kabisa kwenye laki tatu hizi. Hesabu pesa unayoweza kuifikia ndani ya siku tatu tu.

Mpangilio unaofaa ni huu: gharama ya mwezi mmoja kwenye simu au benki, na iliyobaki kwenye mfuko wa uwekezaji wa soko la fedha, ule unaokupa riba ya kila siku na kukuruhusu kutoa kwa siku mbili au tatu. Wenye tabia ya kugusagusa akiba watumie akaunti ya simu inayofungwa kwa muda, lakini wagawanye mafungu ili yafunguke kwa zamu, si yote siku moja.

Na kama laki tatu inaonekana mbali, kuna njia ya kuipunguza bila kubahatisha: fupisha siku za kungoja malipo. Ukianza kuomba nusu ya bei kabla ya kazi, ule mwezi mmoja na nusu wa kungoja unapungua, na miezi sita yako inaweza kuwa mitano. Huhitaji maneno makali. Ujumbe wa namna hii unatosha: "Habari ya asubuhi madam. Nimefurahi tumekubaliana kuhusu mabango. Huwa naanza kazi baada ya kupokea nusu, ambayo ni elfu tisa, na salio siku ya kukabidhi. Ukishatuma nitaanza leo jioni." Mteja atakayekataa kabisa kutoa hata shilingi mbele amekupa habari muhimu mapema.

Namba ya tatu: mapato, kwa pesa iliyoingia

Sasa tufike kwenye pesa yenyewe. Kanuni ya kwanza ni kwamba mapato huhesabiwa siku pesa ilipoingia. Ankara iliyotumwa ni ahadi tu, na mwenye nyumba hapokei ahadi.

Mbunifu wetu ana laini tofauti ya kupokelea malipo ya wateja, kwa hiyo kazi hii ni nyepesi. Kwa miezi tisa iliyopita, pesa iliyoingia ni hii: 22,000, kisha 9,000, 41,000, 28,000, 12,000, 74,000, 35,000, 30,000 na 46,000. Jumla ni KSh 297,000, wastani KSh 33,000.

Ule mwezi wa KSh 74,000 ndio uliomfanya afikirie kuandika barua. Alipoangalia ndani yake, aliona KSh 52,000 zilikuwa deni la kazi alizofanya miezi mitatu na minne nyuma. Haukuwa mwezi wa kazi nyingi. Ulikuwa mwezi ambao mtu mmoja aliamua kulipa madeni. Ndiyo maana tunatumia miezi tisa, si mmoja: inatosha kuchanganya miezi mikavu, kama Januari wakati kila mtu analipa karo, na ile yenye shughuli.

Je, wastani wa KSh 33,000 unatosha kwa mtu anayehitaji 55,300? Hapa usikate tamaa haraka, wala usifurahi haraka. Anapata pesa hiyo kwa saa chache. Anafanya kazi za pembeni kama saa 14 kwa wiki, yaani saa 60 kwa mwezi. Akitoka kazini atakuwa na saa zaidi ya 170 kwa mwezi, lakini hatalipwa kwa zote. Kutafuta wateja, kuandika makadirio, kufuatilia malipo, kwenda mkutano ambao umeahirishwa ukiwa tayari mlangoni, hizo ni saa zisizo na ankara. Akadirie saa 100 za kulipwa.

Saa 60 ni asilimia 60 ya saa 100. Kwa hiyo, akiwa bado ameajiriwa, kazi za pembeni zinapaswa kumwingizia angalau asilimia 60 ya kile atakachohitaji akiwa nje. Fanya hesabu yako kwa saa zako. Kama wewe hufanya saa 30 tu kwa mwezi, kipimo chako ni asilimia 30, lakini ujue unakisia zaidi, kwa sababu hujaona bado kama wateja wa kujaza saa 70 zilizobaki wapo.

Kutokana na asilimia hiyo tunapata vipimo vitatu, na vyote vitatu vinapaswa kutimia.

Kipimo cha kwanza ni wastani. Asilimia 60 ya 55,300 ni kama KSh 33,200. Mbunifu wetu ana 33,000. Amefika mlangoni, amebakisha hatua moja.

Kipimo cha pili ni miezi mitatu mibaya zaidi iliyofuatana. Hiyo haihitaji kufikia gharama kamili, ila gharama ya kukaza mkanda. KSh 36,000 ikigawanywa kwa 0.85 kwa sababu ya kodi ni kama 42,400, na asilimia 60 yake ni KSh 25,400. Miezi yake mitatu mibaya ilikuwa ya kwanza, ya pili na ya tatu: 22,000, 9,000 na 41,000. Wastani wake ni KSh 24,000. Hajafika.

Kipimo cha tatu ndicho kinachoangusha wengi: mtoe mteja mkubwa, kisha uhesabu upya. Mbunifu wetu ana mteja mmoja, mwenye maduka ya nguo, aliyemlipa KSh 163,000 kati ya zile 297,000. Hiyo ni asilimia 55. Bila yeye, zinabaki KSh 134,000 kwa miezi tisa, wastani wa KSh 14,900. Kipimo ni kilekile, KSh 25,400. Yuko mbali sana.

Maana yake ni nini? Akiacha kazi leo, hatakuwa amejiajiri. Atakuwa ameajiriwa na mwenye maduka, bila mkataba wa ajira, bila notisi, bila likizo ya kulipwa. Siku yule bwana akimpata mpwa wake aliyesomea usanifu, mapato yataanguka zaidi ya nusu kwa ujumbe mmoja wa simu.

Afanye nini basi

Jibu si "acha ndoto". Jibu ni tarehe. Mbunifu wetu ana akiba ya KSh 180,000 inayofikika, amebakisha KSh 120,000. Akiweka KSh 24,000 za kazi za pembeni kila mwezi, atafika baada ya miezi mitano. Mkopo wa sacco unaisha baada ya miezi minne. Na hiyo miezi mitano ana kazi moja: kupata wateja wapya wa ukubwa wa kati, si kumfanyia mwenye maduka kazi zaidi.

Kuna mambo ya kufanya wakati mshahara bado upo, kwa sababu baadaye hayatawezekana kirahisi. Maliza mikopo inayokatwa kwenye mshahara, au angalau hakikisha awamu yake imo kwenye gharama yako kamili. Ukitoka, sacco haitasamehe mkopo. Makato ya mwajiri yatakoma na itabidi ulipe mwenyewe kwa nambari ya malipo kila mwezi, ukichelewa wadhamini wako ndio watakaotafutwa. Wenye mkopo wa HELB nao wajue deni linawafuata. Kama ulikuwa unafikiria kuhamia nyumba nyingine, fanya uamuzi sasa, kwa maana wenye nyumba wengi huuliza unafanya kazi wapi.

Jiandikishe pia kwenye eTIMS ya KRA mapema. Tangu 2024, kampuni inayotaka kuhesabu malipo yako kama gharama ya biashara yake inahitaji ankara ya kielektroniki. Mteja mkubwa mzuri unaweza kumkosa kwa sababu tu huwezi kumtolea ankara hiyo.

Tena soma mkataba wako wa kazi. Baadhi huzuia kazi za pembeni, au huzuia kuchukua wateja wa kampuni baada ya kutoka. Ni afadhali ujue sasa kuliko kuitwa na wakili baadaye.

Tuseme miezi mitano imepita. Mbunifu wetu amepata shule moja ya kibinafsi inayotaka majarida ya kila muhula, na duka la dawa lenye matawi matatu. Pesa iliyoingia katika miezi mitano mipya ni 30,000, 28,000, 34,000, 39,000 na 44,000. Akiunganisha na minne iliyotangulia anapata tena miezi tisa, jumla KSh 360,000. Wastani ni KSh 40,000, umevuka 33,200. Miezi mitatu mibaya ina wastani wa KSh 30,700, imevuka 25,400. Mwenye maduka sasa ni KSh 126,000, asilimia 35. Bila yeye, wastani ni KSh 26,000, umevuka kwa shilingi 600 tu, lakini umevuka. Laki tatu iko, mkopo umeisha.

Angalia kwamba hakuna mwezi hata mmoja kati ya hiyo mitano mipya uliofika 74,000. Bado hali yake ni bora kuliko siku ile aliyotaka kuandika barua kwa furaha.

Kutoka vizuri, na mstari wa kurudi

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka anayelipwa kwa mwezi kutoa notisi ya maandishi ya angalau siku 28, lakini mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Siku za likizo ulizochuma na hujazichukua hulipwa, kwa hiyo zihesabu kabla ya kuchagua tarehe. Usiondoke bila cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako, na fomu ya P9 ya mwaka huo, kwa sababu ritani yako itakuwa na mapato ya aina mbili. Na ondoka kwa heshima. Mwajiri wa zamani mara nyingi huwa miongoni mwa wateja wa kwanza.

Ukiwa nje, jilipe mshahara. Malipo ya wateja yaingie kwenye laini au till ya biashara. Asilimia 15 ihamishwe siku hiyohiyo kwenye fungu la kodi. Kisha tarehe moja kila mwezi jitumie kiasi kilekile kwenye laini yako ya kawaida, kwa mbunifu wetu KSh 47,000. Mwezi wa neema ziada ibaki pale, itakulipa mwezi wa njaa. Usiongeze mshahara wako mpaka ziada hiyo ifikie miezi miwili.

La mwisho ni lile watu wasilopenda kuandika: mstari wa kurudi. Amua sasa, ukiwa na akili tulivu, akiba ikishuka hadi kiasi gani utaanza kutafuta kazi ya mshahara. Kwa mbunifu wetu ni KSh 108,000, yaani miezi mitatu ya kukaza mkanda. Si miwili wala mmoja, kwa sababu kutuma maombi, kuhojiwa na kungoja mshahara wa kwanza wa mwisho wa mwezi pia huchukua muda. Andika namba hiyo kwenye karatasi moja na zile nyingine tatu, uiweke mahali unapoiona. Akiba ikigusa mstari, unaanza kutuma maombi wiki hiyo huku ukiendelea na wateja ulio nao. Ukiwa na miezi mitatu mkononi unaweza kuchagua kazi. Ukiwa na wiki mbili, utachukua ya kwanza itakayokuja.

Wikendi hii anza na jambo moja: pakua taarifa ya miamala ya miezi sita na utafute gharama yako kamili. Namba zile mbili nyingine zote zinatoka hapo.